Picha ya noti kwenye simu: inachoweza kuonyesha na kinachobaki kwa mkono

Picha nyingi za noti zinazotumwa na swali la "hii ni halali kweli?" haziwezi kujibu swali hilo. Noti imelazwa mezani, flashi imewaka, kila kitu kinang'aa sawasawa. Picha ya aina hiyo inaonyesha mchoro na rangi peke yake, na mchoro na rangi ndivyo mghushi anavyovihangaikia kuliko vyote. Alama ya maji, uzi wa usalama na chapa iliyoinuka havionekani humo, kwa sababu kila kimoja kinataka mwanga wake na upande wake.

Kabla hujapiga picha, jua kwamba picha nzuri inaweza kukuhakikishia kuwa noti ni bandia, lakini haiwezi kukuhakikishia kuwa ni halali. Kasoro moja ya wazi inatosha kuikataa. Kukosekana kwa kasoro kunamaanisha tu kwamba noti inastahili kushikwa mkononi na kukaguliwa. Tunazungumzia noti za karatasi hapa, maana noti za plastiki zina alama za namna nyingine.

Tuanze na alama ya maji, ambayo simu inaiweza vizuri. Alama hii haina wino. Karatasi ikiwa bado majimaji kiwandani, nyuzi zake huachwa zirundikane mahali pengine na zipungue mahali pengine. Ukiinua noti kwenye mwanga, penye unene panaonekana peusi na penye wembamba panang'aa. Ndiyo maana sura ya alama halisi ina vivuli vinavyofifia polepole, shavu likiyeyuka kuelekea sikio bila mstari wa kuvitenganisha.

Piga picha tatu za sehemu hiyohiyo. Ya kwanza, noti ikiwa imeshikizwa kwenye kioo cha dirisha mchana, ikiwezekana mbingu ikiwa na mawingu, kwa sababu mwanga wa mawingu umetawanyika sawasawa. Ya pili, noti ikiwa juu ya karatasi nyeupe, mwanga ukitoka upande wako. Ya tatu, ikiwa juu ya kitambaa cheusi, mwanga uleule. Katika picha ya pili alama halisi karibu itoweke. Katika ya tatu huonekana kwa mbali, tena kinyume: penye wembamba, palipokuwa paking'aa dirishani, sasa panakuwa peusi kidogo, kwa kuwa weusi wa kitambaa unapenya. Alama iliyochapwa kwa wino hafifu haifanyi hivyo. Inabaki nyeusi ileile juu ya karatasi nyeupe na juu ya kitambaa, na mara nyingi kingo zake ni kali kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Ukiona mgeuko huo mara moja kwa noti unayoijua ni halali, hutausahau.

Hapo simu yenyewe inaweza kukupotosha. Ikiona dirisha jeupe, hupunguza mwanga na noti inakuwa giza tupu. Gusa kioo cha simu palepale penye alama ya maji, shikilia kidole mpaka umakinisho na mwanga vifungwe, kisha pandisha mwanga kidogo. Zima HDR kama simu yako inaruhusu. Kazi yake ni kusawazisha giza na mwanga na kukoleza kingo, kwa hiyo inaweza kuifanya alama laini ya kweli ifanane na ya kuchapwa. Usiweke noti moja kwa moja juu ya skrini ya simu nyingine kama taa, kwa sababu vitone vya skrini vitachora mawimbi kwenye picha. Ukilazimika, tenganisha skrini na noti kwa sentimita mbili au tatu na uweke karatasi nyeupe katikati.

Picha hiyohiyo ya dirishani ndiyo inayoonyesha uzi wa usalama. Uzi halisi umo ndani ya karatasi. Kwenye noti nyingine hujitokeza juu vipande vipande, kama mshono. Juu ya meza unaviona vipande hivyo vikiwa na nafasi kati yake, lakini dirishani lazima viungane kuwa mstari mmoja mweusi usiokatika, kutoka ukingo mmoja wa noti hadi mwingine. Vikibaki vipande hata dirishani, mtu amebandika karatasi ya kung'aa juu ya noti. Na kama uzi uliofichwa kabisa unaonekana wazi noti ikiwa juu ya karatasi nyeupe, basi umechorwa.

Kuona kwamba alama ipo na uzi upo hakutoshi. Inabidi uvisome. Hapa ndipo wengi hupigwa, na mfano mzuri ni dola 100 ya Marekani ya muundo ulioanza kutolewa mwaka 1996, ambayo haina utepe wa buluu. Kuna mbinu ya kuchukua noti halali ya dola 5, kuiosha wino wote, kisha kuchapa dola 100 juu ya karatasi hiyohiyo. Karatasi ni ya kweli, pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25. Ile kalamu ya kupima noti, yenye iodini, inaipitisha bila shida, maana iodini hubadilika rangi ikikutana na wanga wa karatasi za kawaida na hapa hakuna wanga. Alama ya maji ipo na ina vivuli laini. Uzi upo na haukatiki. Ukifanya jaribio la kitambaa cheusi, alama inageuka kama inavyotakiwa.

Sasa kuza picha ya dirishani. Upande wa kulia wa noti, uso wa alama ya maji unapaswa kuwa wa Benjamin Franklin, yuleyule wa picha kubwa iliyochapwa kwenye noti: nywele ndefu hadi mabegani, kidevu hakina ndevu. Kama noti ilikuwa dola 5 ya muundo wa zamani, utaona Abraham Lincoln, mwenye ndevu. Kama ilikuwa ya muundo uliotoka mwaka 2008, hakuna uso kabisa, kuna tarakimu kubwa ya 5. Kisha hamia kwenye uzi, ulio kushoto kwa picha ya Franklin. Uzi wa dola 100 umeandikwa USA 100, na maandishi hayo hurudiwa. Ukisoma USA FIVE au USA 5, mjadala umekwisha, na huna haja ya mashine yoyote. Kwenye dola 5 ya 2008 uzi umehamia kulia kwa picha, kwa hiyo hata mahali ulipo panakuambia. Picha moja iliyopigwa vizuri dirishani imemaliza kazi ambayo kalamu ilishindwa.

Ila maandishi ya uzi yasomeke, na hapo ubora wa picha una uzito. Noti ya dola ina urefu wa milimita 156. Picha ya pikseli 4,000 kwa upana, noti ikiwa imeijaza, inakupa takriban pikseli 25 kwa kila milimita, ambazo zinatosha kwa uzi. Picha hiyo ikipitia programu ya ujumbe na kupunguzwa hadi pikseli 1,600, zinabaki kama 10 kwa milimita, na kubanwa kwa faili kunafuta vivuli laini vya alama ya maji kwanza kabla ya kitu kingine. Mwambie anayekutumia aitume kama faili, si kama picha, na aongeze picha ya karibu ya uzi peke yake. Asisogee chini ya sentimita kumi hivi bila kuangalia, kwa sababu simu nyingi zikifika karibu sana huhamia zenyewe kwenye lenzi nyingine, na picha inaharibika. Maandishi madogo kabisa, yenye herufi za kimo cha milimita 0.2, hupata pikseli tano tu hata kwenye picha nzuri ya noti nzima. Ukiona ukungu pale, usihukumu chochote.

Chapa iliyoinuka ni habari nyingine. Inatokana na bamba lililochongwa mifereji: wino hujazwa humo na karatasi hukandamizwa kwa nguvu mpaka wino unasimama juu yake. Kimo chake ni kidogo mno, kinachohisiwa na ukucha kuliko jicho. Ili kamera ipate chochote, zima flashi, kwa sababu mwanga unaotoka sambamba na lenzi unafuta kila kivuli. Funga mapazia, weka simu juu ya kitu isitikisike, kisha washa tochi ya simu nyingine na uilaze karibu na meza, mwanga ukiparaza noti kutoka kushoto. Piga. Hamisha tochi upande wa juu wa noti, piga tena. Mara mbili ni lazima: mistari inayolala sambamba na mwanga haitoi kivuli, kwa hiyo tochi ya upande mmoja inaweza kuficha nusu ya chapa.

Kwenye noti mpya halali utaona mistari ya begani kwa mtu aliyechorwa na kwenye tarakimu ina ukingo mmoja unaong'aa na mwingine wenye giza, na pande hizo zinabadilika tochi ikihama. Lakini hata ukiona hivyo, usiupe ushahidi huo uzito mkubwa. Noti iliyokaa sana mifukoni imesagika na chapa yake imelala, ilhali ni halali. Mikunjo hutoa vivuli vikubwa kuliko chapa. Na karatasi inaweza kubonyezwa kwa makusudi ili iwe na matuta. Picha haitofautishi tuta la wino na tuta la karatasi. Kidole kikipita juu na chini begani kwa Franklin, kikilinganisha na noti nyingine inayojulikana, kinatambua tofauti hiyo kwa sekunde mbili.

Kuna mambo ambayo picha tuli haiyawezi kabisa. Dola 100 iliyoanza kutolewa Oktoba 2013 ina utepe wa buluu uliofumwa kwenye karatasi, na vikengele vyake hugeuka kuwa 100 noti inapoinamishwa. Ukiinamisha mbele na nyuma, picha hizo hutembea kushoto na kulia. Ukiinamisha kushoto na kulia, hutembea juu na chini. Kengele iliyo ndani ya kidau cha wino nayo hutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Picha moja inaweza kupigwa kwenye utepe uliochapwa na isikuonyeshe lolote.

Kwa hiyo, noti ikiwa mbali nawe, omba video moja isiyokatwa ya sekunde 20 au 30: noti ianze juu ya karatasi nyeupe, namba yake isomeke, iinamishwe polepole pande zote mbili, kisha ipelekwe dirishani bila kutoka kwenye fremu. Video ina ubora mdogo kuliko picha, lakini inakuhakikishia kwamba alama ya maji uliyoiona ni ya noti hiyohiyo, si ya nyingine iliyobadilishwa katikati ya picha ya pili na ya tatu. Linganisha namba kwenye video na kwenye picha, herufi kwa herufi. Zisipolingana, usiendelee na ukaguzi.