Maswali na majibu: Kupanga kwa mawimbi

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja, kupanga kwa mawimbi, yaani kufafanua kazi iliyo karibu na kuiacha ya mbali ikiwa mafungu ghafi mpaka mengi zaidi yajulikane. Nitawajibu wote kwa mfano uleule ili tusipotezane. Ni mradi wa kuhamisha kumbukumbu 40,000 za wanachama kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, kwa wiki 52. Kipimo chetu ni siku-kazi, yaani kazi ya mtu mmoja kwa siku moja. Awamu ni tano: ukaguzi wa kumbukumbu (120), kubuni mpangilio mpya (160), kuhamisha (340), mafunzo (180) na kuuzima mfumo wa zamani (100). Jumla ni 900.

Bosi anataka ratiba ya mwaka mzima, kazi moja moja. Mimi naona vizuri miezi mitatu tu. Nimpe nini?

Mpe karatasi moja yenye sehemu mbili, na usimwombe radhi. Ratiba ya siku kwa siku ya mwezi wa kumi ni kupiga ramli. Itapendeza machoni, kisha utaifuta yote kabla hujaufikia mwezi wa tano.

Sehemu ya kwanza ni wiki 12 zijazo. Humo kila kazi ni ya siku mbili hadi kumi, ina mtu wake, na imeandikwa inasubiri kazi gani nyingine. Sehemu ya pili ni mafungu ghafi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani ghafi maana yake ni tupu. Fungu la awamu ya tatu katika mfano wetu liliandikwa hivi: kuhamisha kumbukumbu, wiki ya 20 hadi ya 36, siku-kazi 340, huenda zikawa 255 au hata 595. Chini yake kuna mambo matatu ambayo mimi siyaachi kamwe. Kwanza, jina la mtu atakayelifafanua. Pili, swali linalotuzuia kulifafanua leo: "Kumbukumbu ngapi zina kasoro ambazo mashine haiwezi kurekebisha?" Tatu, wiki ya mwisho ya kulifafanua, ambayo ni ya 12.

Upana wa 255 hadi 595 si wa kubuni ovyo. Ni robo chini ya makadirio na robo tatu juu yake, kiwango ambacho mameneja miradi wamekizoea kwa makadirio ya mwanzo kabisa. Angalia kwamba upande wa juu ni mrefu zaidi, kwa sababu kazi isiyojulikana huwa inavimba, ni nadra isinyae. Bosi akikuambia hataki kuona upana huo, muulize angependa autambue leo au wiki ya 30.

Upeo wa kufafanua uwe wa muda gani? Mimi nimesikia miezi mitatu, mwenzangu anasema sita.

Usianze na miezi. Anza na kitu kinachochelewa kufika kuliko vyote.

Sisi tulifafanua wiki 12 mbele na kusogeza upeo kila baada ya wiki nne, kwa hiyo hata siku moja kabla ya kusogeza bado tulikuwa na wiki nane zilizo wazi. Kwa timu yenyewe hiyo ilitosha kabisa. Tatizo lilikuwa seva. Muuzaji alihitaji wiki 14 kuifikisha, na kupitisha manunuzi kulihitaji wiki mbili. Seva inatakiwa iwe mezani wiki ya 20, kwa hiyo oda itoke wiki ya 6 na maombi yaanze wiki ya 4. Lakini kwa mwendo wa upeo wetu, awamu ya kuhamisha ingefafanuliwa wiki ya 12. Yaani tungekaa kikao kizuri cha kupanga, kila mtu na kalamu yake, oda ikiwa imechelewa wiki sita.

Dawa si kurefusha upeo wa kila kitu mpaka miezi sita. Toa hiyo kazi moja ndani ya fungu ghafi, iweke kwenye ratiba ya karibu, na fungu lililobaki liache jinsi lilivyo. Kila upeo unaposogezwa tunapitia mafungu yote ya mbali kwa swali moja tu: humu ndani kuna kitu kinachochukua muda mrefu kuliko upeo wetu? Kikao hicho ni cha dakika ishirini. Vibali, vifaa vya kuagizwa na watu wa kuajiri ndio wanaojificha humo mara nyingi.

Siku ya kufafanua fungu la mbali inapofika, mnakaa mkifanya nini hasa?

Tunaanza na swali lililoandikwa kwenye fungu, na kama halijajibiwa kikao kinaahirishwa. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona timu ikikaa siku nzima kuyakatakata makisio yaleyale ya zamani vipande vidogo, kisha ikaita hiyo mpango. Kukata kisio vipande ishirini hakulifanyi liwe ukweli.

Swali letu lilikuwa idadi ya kumbukumbu zenye kasoro. Awamu ya ukaguzi ilichukua kumbukumbu 400 kwa bahati nasibu na kuzisoma moja moja. Kati ya hizo, 72 zilikuwa na kasoro ya kuhitaji jicho la mtu: mwanachama mmoja kaandikwa mara mbili kwa tahajia tofauti, tarehe ya kuzaliwa haipo, namba ya uanachama imerudiwa. Hizo ni asilimia 18, na katika 40,000 ni kama 7,200. Tulikuwa tumeshapima kwamba mtu mmoja anamaliza 30 kwa siku. Basi kurekebisha kwa mkono ni siku-kazi 240. Ongeza 60 za kuandika na kujaribu programu ya kuhamisha, na 70 za kuhakiki. Jumla ni 370.

Lakini sampuli ya 400 nayo ina mashaka yake. Asilimia halisi inaweza kuwa popote kati ya 14 na 22 hivi, ambayo ni kumbukumbu 5,700 hadi 8,700, yaani siku-kazi 190 hadi 290 za mkono. Ukijumlisha zile 130 nyingine, fungu linakuwa 320 hadi 420. Linganisha na 255 hadi 595 tulizoanza nazo. Namba ya katikati imepanda kidogo, ila upana umeshuka kutoka 340 hadi 100. Hicho ndicho tulichonunua kwa kusubiri. Ukimaliza kufafanua na upana haujapungua, ujue hamkujifunza kitu, mmeandika tu.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wageni: hatukuifafanua awamu nzima. Wiki ya 12 upeo wetu ulifika wiki ya 24, kwa hiyo ni wiki nne hivi za mwanzo za kuhamisha zilizopata kazi ndogo zenye majina ya watu. Zilizobaki ziliendelea kuwa mafungu, safari hii yakiwa na makadirio mapya. Mpaka wa upeo unaweza kuikata awamu katikati, wala hakuna ubaya.

Zile 30 zilizoongezeka juu ya 340 zilitoka kwenye akiba ya mradi, ambayo iko nje ya zile 900, zikaandikwa pamoja na sababu na sahihi ya aliyeidhinisha. Hazikutoka kwenye awamu nyingine. Hapo tunaingia barua inayofuata.

Kila mwezi tunapanga upya na kila mwezi ripoti inasema tuko sawa. Mbona moyoni naona tunadanganyana?

Moyo wako una macho. Nenda kaangalie awamu zenu za mwisho.

Ujanja wenyewe unakwenda hivi. Kubuni mpangilio mpya kulipangiwa siku-kazi 160, kukala 195. Anayesogeza upeo anatazama huku na huku, anaona mafunzo yana 180 na bado ni fungu ghafi, hakuna anayelilinda. Anachota 35, mafunzo yanabaki 145, jumla inaendelea kusomeka 900. Hakuna aliyeamua kwamba watakaofundishwa wamepungua. Kilichopungua ni siku zao tu. Mara nyingi anayefanya hivi hana nia mbaya, anaona "anasawazisha". Mimi mwenyewe nilisawazisha hivyo kwa miezi mitano kwenye mradi mmoja, na wiki ya mwisho nikakuta mafunzo ya siku tatu yamebaki alasiri moja.

Kanuni ni kwamba siku-kazi zinahama pale tu kazi yenyewe inapohama. Kama kipande cha mafunzo kimehamishiwa awamu ya kubuni, siku zake ziende nacho. Kama kubuni kumezidi tu, ripoti iseme kumezidi 35, na pengo lionekane. Wanaofuata EIA-748, kiwango cha Marekani cha kulinganisha kazi iliyofanyika na bajeti yake, wanalikuta hili kwao kama sharti: fungu la mbali lina bajeti iliyofungwa na kazi yake, na lazima livunjwe kuwa kazi kamili kabla halijaanza kutekelezwa.

Kuwagundua ni rahisi. Weka safu mbili kwenye jedwali la awamu: makadirio ya siku ya kwanza na ya leo, na ya kwanza isifutwe kamwe. Mafungu ya mbali yakiwa yanasinyaa kila awamu ya karibu inapozidi, umewakamata.

Hii si ajaili tu, imebadilishwa jina?

Hapana. Katika ajaili, yaani mtindo wa kujenga kwa vipindi vifupi na kurekebisha njiani, orodha ya kazi yenyewe inaruhusiwa kubadilika. Unaweza kufika mwisho ukiwa umejenga kitu tofauti na ulichoanza nacho. Hapa tulichoahidi hakibadiliki, kumbukumbu 40,000 zihame na mfumo wa zamani uzimwe. Kinachokuja baadaye ni undani. Timu yetu iliyoandika programu ya kuhamisha ilifanya kazi kwa ajaili ndani ya awamu ya tatu, na havikugombana.

Mkataba wetu ni wa bei moja isiyobadilika. Tunaweza kupanga hivi?

Kwa ratiba yenu ya ndani, ndiyo. Ila upana wote wa makadirio unakuwa mzigo wenu. Ukitia sahihi kwa 340 na ukweli ukawa 420, hizo 80 unazilipa wewe, na mteja hatakuwa na habari na mawimbi yako. Ukiwa bado hujasaini, omba mkataba ukatwe: ukaguzi uwe wa bei moja, na bei ya kuhamisha ikubaliwe baada ya matokeo ya ukaguzi. Mteja akikataa, weka bei karibu na ukingo wa juu. Akiona ni kubwa mno, mwonyeshe ni swali gani lingeishusha na ukaguzi wa kulijibu unagharimu siku-kazi ngapi. Kwa mfano wetu ni 120.

Na kama kazi hiyohiyo mmeshaifanya mara tisa na ya kumi haina jipya, ifafanueni yote leo. Hakuna mnachosubiri kujua.