Tatizo lako lisianze na "ukosefu wa"

"Wakuu, mfadhili amerudisha andiko letu. Tuliandika kwamba tatizo ni ukosefu wa kituo cha kompyuta kwa vijana wa mtaa wetu hapa Nairobi. Amesema hilo ni suluhisho, si tatizo. Sasa tuandike nini?"

Mwaka 2023 kikundi chetu huku Eastlands kilirudishiwa andiko kwa sababu hiyohiyo. Sisi tuliandika: "Tatizo ni ukosefu wa mfumo wa meseji za kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo." Mama mmoja aliyewahi kusimamia miradi ya afya alilisoma, akatuuliza: "Mkishatuma hizo meseji, ni kitu gani kitakuwa kimepona?" Tukajibu watoto watachanjwa. "Wangapi hawajachanjwa, na nani amewaambia wamesahau?" Hapo hatukuwa na jibu.

Tukaomba ruhusa ya zahanati tuliyokuwa tukishirikiana nayo, tukakaa na muuguzi tukipitia daftari la chanjo. Hapa Kenya mtoto hupata dozi ya kwanza ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Tukachukua waliopata ya kwanza kati ya Januari na Machi 2022, kwa kuwa kufikia Julai 2023 wote walikuwa wameshatimiza miaka 2. Walikuwa 84. Waliokuwa na tiki ya dozi ya pili walikuwa 47.

Kwa haraka ungeandika kwamba watoto 37 hawakuchanjwa. Lakini nafasi tupu kwenye daftari inakuambia tu kwamba hapo hapakuandikwa kitu. Wahudumu wa afya ya jamii wakawapigia simu na kubisha milango. Watoto 9 familia zao zilikuwa zimehama na hatukuwapata. Wengine 6 walikuwa wamechanjwa kwingine, na kijitabu cha mama na mtoto kilionyesha hivyo. Wakabaki 22.

Kilichobadilisha andiko letu kilitoka kwa akina mama wa hao 22. Kumi na watatu walisema walikwenda kliniki kwa tarehe yao wakaambiwa warudi siku nyingine. Mmoja alitufungulia kijitabu: tarehe ya kurudi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, ikakatwa, ikaandikwa nyingine pembeni, nayo ikakatwa. Alikuwa ameomba ruhusa kazini mara mbili, mara ya tatu hakwenda. Muuguzi alitueleza sababu bila kuficha. Kichupa kimoja kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake hakitumiki baada ya saa 6. Wakija watoto wawili au watatu tu, hawakifungui, wanaogopa kumwaga zilizobaki. Waliosema hawakujua kuna dozi ya pili walikuwa 4. Wale 5 waliobaki walikuwa na sababu tofautitofauti.

Yaani meseji zetu zingewaita wale 13 waje wageuzwe tena mlangoni.

Taarifa mpya tuliiandika hivi: "Kati ya watoto 84 waliopata dozi ya kwanza ya surua na rubela katika zahanati hii Januari hadi Machi 2022, angalau 22 hawakuwa wamepata ya pili walipotimiza miaka 2. Wazazi 13 kati ya hao wanasema walifika na mtoto wakarudishwa. Watoto 9 hatukuwapata." Chini yake tukaongeza kwamba daftari haliandiki anayerudishwa, kwa hiyo hiyo 13 inategemea kumbukumbu za wazazi na maelezo ya muuguzi, na kwamba hatuzisemei zahanati nyingine za Nairobi. Nilihofia maneno hayo yangetudhoofisha. Mfadhili alituambia ndiyo yaliyomfanya aamini zile hesabu nyingine.

Angalia kwamba hatukuandika "ukosefu wa siku maalumu ya chanjo", ingawa ulimi ulituwasha. Ukisoma taarifa ile unaweza kupendekeza siku moja ya wiki inayojulikana na wote, au kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, au njia nyingine kabisa. Taarifa ya tatizo inayokubali jibu moja tu bado imeficha suluhisho ndani.

Kwenu, liweke kando neno kompyuta kwanza. Ni nini kinachowapata vijana ambacho mliona kituo kingekiponya? Ikiwa ni kazi, tafuteni 30 waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja mahususi, muulize kila mmoja aliomba kazi gani mara ya mwisho na alikwamia wapi. Msiwaulize kama wanahitaji kompyuta, wote watasema ndiyo. Wakikwamia kwenye kujaza fomu mtandaoni, mtaliona. Wakikwamia kwenye ada ya cheti cha polisi au nauli ya kwenda usaili, pia mtaliona, na andiko litakuwa jingine. Mkimaliza, weka hapa sentensi zenu mbili za kwanza nizisome.