Ukiwa mapokezi na unautaka umeneja, omba zamu ya usiku

Wapokezi wengi huikwepa zamu ya usiku kwa sababu ya usingizi. Lakini mara nyingi ndiyo zamu ambamo mfanyakazi wa chini huona mapato ya hoteli nzima, kwani hapo ndipo hesabu za siku hufungwa.

Kabla ya kuifunga siku kwa kubadilisha tarehe kwenye mfumo wa hoteli, linganisha mambo mawili. Kwanza, fedha taslimu na risiti za mashine ya kadi zilingane na malipo yaliyoingizwa. Zikipishana, mara nyingi kuna malipo yaliyoingizwa mara mbili, au ya kadi yaliyoandikwa kuwa taslimu. Yatafute usiku huohuo, maana siku ikishafungwa kusahihisha kunakuwa kazi ya wahasibu. Pili, linganisha orodha ya vyumba na taarifa ya watu wa usafi. Mfumo ukisema chumba kina mgeni na wao wakasema ni kitupu, huenda mgeni ameondoka bila kulipa, au amelipa na mapokezi wakasahau kumtoa. Kosa hilo la pili halina kelele, ila chumba hakiuzwi usiku huo.

Kisha isome taarifa ya siku, usiichape tu na kuiacha mezani. Chukua hoteli ya vyumba 80. Jumatatu imeuza vyumba 60 kwa wastani wa 100, mapato 6,000. Jumanne imeuza 72 kwa wastani wa 80, mapato 5,760. Mpokezi hufurahia Jumanne kwa kuwa hoteli ilikaribia kujaa. Meneja hugawa mapato kwa vyumba vyote 80, vilivyouzwa na visivyouzwa: Jumatatu kila chumba kimeleta 75, Jumanne 72. Juu ya hapo, ikiwa mhudumu mmoja husafisha vyumba 14 kwa zamu, vyumba 60 vinahitaji watu 5 na vyumba 72 vinahitaji 6. Hoteli imefanya kazi zaidi ikapata kidogo.

Usikimbilie kusema punguzo la bei la Jumanne lilikuwa kosa. Wageni wa vyumba 12 vya ziada huenda walikula na kunywa hapo, kwa hiyo tazama mauzo ya mgahawa ya siku hizo mbili. Tazama pia nani alipewa punguzo: kama ni kundi lililoweka nafasi mapema, ni mpango, kama ni watu waliofika saa 4 usiku bila nafasi, ni mapokezi waliokata bei kwa woga.

Ambatanisha maelezo ya mistari mitatu na taarifa ya asubuhi: kilichobadilika, sababu, na pendekezo moja. Weka nakala zako bila majina ya wageni wala namba za kadi. Nafasi ya msimamizi wa zamu ikitangazwa, wenzako watataja miaka waliyofanya kazi. Wewe utaeleza ni Jumanne zipi bei ilishushwa bila sababu, na kiasi gani kilipotea.