Pointi 14 za Uganda sio pointi 14 popote: jinsi ya kupiga hesabu ya Makerere

Hapa Kigoma kuna watoto wetu wanaosoma A-levo Uganda, matokeo yakitoka wanarudi na swali moja, hizi pointi zinanifikisha wapi? Mwaka huu binti wa dada yangu wa Ujiji kaniuliza, "Mjomba, mimi na mwenzangu wote tuna 14, udaktari si tutapata wote?"

Sio lazima. Kule A ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2. Sasa kila kozi inapanga masomo yako kwa uzito wake: mawili ya lazima yanazidishwa mara 3, la tatu linalohusiana na kozi mara 2. Udaktari, Kemia na Bailojia ndio za lazima, Fizikia inakaa la tatu. Binti yetu ana Fizikia A, Kemia B, Bailojia D:

```
(5 x 3) + (3 x 3) + (6 x 2) = 36
```

Mwenzake ana Bailojia A, Kemia B, Fizikia D:

```
(5 x 3) + (6 x 3) + (3 x 2) = 39
```

Herufi zilezile, ila A ya binti yetu imekaa penye mara 2 na D yake penye mara 3, hapo pointi 3 zimeondoka.

Halafu usiishie hapo maana kuna vidogo vidogo vinavyoamua. Jenero pepa na lile somo dogo la kompyuta au hesabu, ukifaulu kila moja ni 1. O-levo nayo inahesabiwa, D1 na D2 ni 0.3 kila somo, C3 hadi C6 ni 0.2, P7 na P8 ni 0.1. Binti yetu ana distinkshen 4, kredit 5 na pasi 1, yaani 1.2 + 1.0 + 0.1 = 2.3. Msichana Makerere anaongezewa 1.5, utaratibu ulioanza 1990. Jumla 36 + 2 + 2.3 + 1.5 = 41.8, na mwenzake akiwa naye ni msichana mwenye nyongeza kama hizo anafika 44.8. Tuseme kozi ilikatia 43, mmoja ndani mwingine nje.

Kinachoharibu hesabu nyingi huku kwetu ni kuchanganya vipimo. TCU A ni 5, sio 6. Na pointi za divisheni za NECTA zinaenda kinyume kabisa, A ni 1, ndogo ndio nzuri. Ukiona jumla ya masomo matatu makubwa imezidi 48 kabla ya nyongeza, jua umekosea, maana hiyo ni A tatu.

Katofu yenyewe ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka ule, ushindani ukipanda nayo inapanda, na ya wanaolipiwa na serikali huwa juu kuliko ya wanaojilipia, kwahiyo hakikisha unasoma orodha sahihi. Binti nimemwambia apige upya kila kozi anayoitaka, aanze na zile zilizoweka Fizikia lazima. Fizikia na Kemia zikiwa za lazima na Bailojia la tatu, naye anapata 39.