Seva tatu za akiba: wingu kamili au klasta ya hipavaiza?

Swali: Kitengo chetu cha TEHAMA hapa chuoni kimebaki na seva tatu baada ya kununua mpya. Kila moja ina RAM ya GB 128, SSD nne za GB 960 na milango minne ya mtandao ya gigabiti 1. Tunataka kuendesha mashine pepe kama 30 za ofisi na maabara. Kuna wanaosema tuweke OpenStack, wengine CloudStack, wengine wanasema Proxmox inatosha. Tuchukue ipi?

Jibu: Wekeni Proxmox VE, na fedha kidogo mliyo nayo ielekezeni kwenye mtandao wa kati ya seva.

Chini kabisa, Proxmox na OpenStack au CloudStack iliyofungwa kwa kawaida zote zinatumia hipavaiza ileile, KVM. Tofauti iko juu yake. Majukwaa ya wingu yaliundwa kwa ajili ya watu wengi wasiojuana: kila idara ina akaunti yake, kiwango chake cha matumizi na mitandao yake, na inajitengenezea mashine bila kumwandikia mtu wa TEHAMA. Kama kwenu mashine zitatengenezwa na watu wawili au watatu wa kitengo hichohicho, hamna mteja wa huduma hizo, ilhali gharama yake mtailipa kila siku.

Kwa OpenStack gharama hiyo ni huduma nyingi zinazotegemeana: Keystone ya utambulisho, Nova, Neutron, Glance, Cinder, Placement, na nyuma yake MariaDB na RabbitMQ. RabbitMQ ikiyumba, mashine zilizopo zitaendelea kufanya kazi, lakini mpya zitakwama kwenye hali ya kujengwa, na mtu atalazimika kusoma kumbukumbu za huduma nne au tano kujua tatizo liko wapi. Toleo jipya hutoka kila miezi sita. Kwa kitengo chenye mtu mmoja anayeijua vizuri, akienda likizo hakuna wingu.

CloudStack ni nyepesi zaidi, na kama kweli idara zenu zinataka kujihudumia, ndiyo ningeitazama kwanza. Angalieni jambo moja tu. Mpangilio wake wa kawaida kwa KVM hutumia hifadhi ya NFS, na kila seva huandika alama ya uhai kwenye hifadhi hiyo. Seva ikishindwa kuandika kwa muda uliowekwa, hujiwasha upya yenyewe. Kwa hiyo seva moja ya NFS ikikwama inaweza kuziangusha zote kwa pamoja, hata zile ambazo hazina kasoro yoyote.

Sasa Proxmox kwenye vifaa vyenu. Seva tatu ndiyo idadi ndogo inayofaa, kwa sababu klasta huamua kwa akidi: kura mbili kati ya tatu. Seva iliyobaki peke yake haiwashi mashine yoyote, na faili za `/etc/pve` hugeuka za kusomwa tu. Ndiyo maana baada ya umeme kukatika, ikirudi seva moja tu, mtaona ujumbe `cluster not ready - no quorum?`. Hiyo si hitilafu. Washeni ya pili.

Mawasiliano ya akidi hupita kwenye Corosync. Hayahitaji mtandao mpana, ila hayavumilii ucheleweshaji, hivyo yapeni mlango wao wenyewe wa gigabiti 1 na njia ya pili ya akiba. Kwenye seva ya kwanza:

```
pvecm create wingu --link0 10.10.1.11 --link1 192.168.5.11
```

Kwenye ya pili, na ya tatu kwa anwani zake:

```
pvecm add 10.10.1.11 --link0 10.10.1.12 --link1 192.168.5.12
```

Kisha `pvecm status` ioneshe `Quorate: Yes`. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupitisha Corosync na nakala rudufu za usiku kwenye waya mmoja. Nakala zinajaza waya, seva zinapoteana, na kila seva yenye mashine zilizowekewa HA, yaani kuwashwa zenyewe kwenye seva nyingine seva yake ikifa, hujiwasha upya baada ya kukosa akidi kwa takribani sekunde 60. Asubuhi inaonekana kana kwamba umeme ulikatika. Kwenye `journalctl -u corosync` mtakuta mistari ya `Retransmit List` na `link: 0 is down` kabla tu ya kuzima.

Hifadhi ndiyo sehemu ya kufikiria sana. Ceph inaunganisha diski zote 12 na kuweka kila data katika nakala tatu, moja kwa kila seva. Lakini seva inayopokea andiko lazima itume nakala mbili kwa wenzake. Mlango wa gigabiti 1 hupitisha MB 125 kwa sekunde. Ukigawanya kwa nakala mbili, zinabaki MB 60 hivi, kwa mashine zote zilizo hapo. Diski ikifa, kurudisha GB 600 kwa waya huo kunachukua saa 1 na dakika 20 hata kama hakuna mwingine anayeutumia. Nunueni kadi tatu za gigabiti 10 zenye milango miwili, hata zilizotumika, na kebo tatu. Kila seva inaungana moja kwa moja na zile mbili, pembetatu, bila swichi. Mkikosa kadi hizo, achaneni na Ceph. Tumieni ZFS ndani ya kila seva na urudufishaji wa kila dakika 15, mkijua kwamba seva ikifa mnaweza kupoteza kazi ya dakika hizo.

Kabla ya Ceph, kadi ya RAID ibadilishwe iwe HBA ili diski zionekane moja moja. Hakikisheni pia SSD ni za seva, zile zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Za kompyuta za mezani hupungua kasi vibaya kwa maandishi madogo yanayosubiri uthibitisho, na Ceph imejaa hayo.

Hesabu ya nafasi ifanyeni kwa siku ya msiba. RAM: Ceph hulenga GB 4 kwa kila diski, hizo ni 16, ongezeni 8 za mfumo na huduma nyingine, zinabaki 104 kwa seva. Moja ikifa zinabaki mbili, yaani GB 208. Mashine 30 za wastani wa GB 6 ni 180. Zinaingia.

Diski: TB 11.52 ukigawanya kwa nakala tatu ni TB 3.84, na wengi huishia hapo. Lakini diski moja ikifa, data yake haiwezi kwenda seva nyingine, kwa kuwa huko tayari kuna nakala. Inabanwa kwenye diski tatu zilizobaki kwenye seva hiyohiyo. Kama zilikuwa zimejaa asilimia 70, zitahitaji kufika 93, na zikigusa 95 Ceph inakataa kuandika kabisa. Msivuke asilimia 63, yaani TB 2.4. Acheni `size 3` na `min_size 2` kama zilivyo. Anayeshusha `min_size` hadi 1 ili mashine ziendelee anaruhusu data mpya iwe na nakala moja tu, na diski hiyo ikifa hakuna pa kuirudisha.

Kabla ya kuhamishia mashine halisi, wekeni mbili za majaribio zenye HA, kisha chomoeni umeme wa seva iliyozibeba. Zinapaswa kuwaka kwenye seva nyingine ndani ya dakika mbili au tatu. Rudieni kwa kuchomoa waya wa Corosync, halafu SSD moja, na kati ya jaribio na jaribio subirini `ceph -s` irudi `HEALTH_OK`.