Eksirei iliyopigwa picha kwa simu

"Mdogo wangu kaanguka na bodaboda Mbagala. Nimeipiga eksirei yake kwa simu, mkono umevunjika?"

Kwa picha hii huwezi kusema mfupa ni mzima, kaka. Mwenzetu hapo juu kasema mstari mweusi ni ufa, lakini huo ni kivuli cha nondo za dirisha; angalia, unaendelea hadi nje ya mfupa. Ila wasiwasi wake ni wa haki. Umetuma ya mbele tu, ya ubavu haipo. Napiga eksirei kila siku: ufa wa kijimfupa kilicho chini ya dole gumba siku za mwanzo hujificha hata kwenye filamu yenyewe. Mbonyeze taratibu kwenye kishimo cha hapo. Akiumia, mrudishe kwa daktari na filamu. Kwa kawaida mkono hufungwa, picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.