Meseji moja ya sikukuu iliyonikosanisha na wateja wa Ujiji, na namna ninavyoihariri siku hizi

Mimi ndo naandika meseji za wateja kwenye duka moja la vyakula hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga, na wateja wetu wanatoka kila kona, Ujiji, Gungu, Katubuka, wengine wanashuka na mzigo kutoka vijiji vya ziwani. Kwa hiyo kwenye daftari letu la namba wamo Waislamu, Wakatoliki, walokole, Wasabato na Mashahidi wa Yehova, wote wanapokea meseji ileile. Nawaandikia wenzangu mnaofanya kazi kama yangu, maana kuna meseji niliituma mwaka 2024 mpaka leo naikumbuka neno kwa neno.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, saa sita na dakika arobaini mchana. Niliandika hivi:

"Bwana asifiwe! Tunawatakia Ijumaa Kuu njema, Pasaka njema na Idd njema! Kapu la sikukuu lina kuku, mchele na divai, 45,000 tu. Ni leo na kesho, karibuni mfurahi!"

Niliona nimewakumbuka wote. Jioni ile bibi mmoja wa Ujiji, mteja wetu wa siku nyingi, akanipigia, hakufoka hata kidogo, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefunga, natoka kuswali Ijumaa nafungua simu nakuta divai. Na Idd gani unayonipa leo, mwezi si bado?" Nikamwomba radhi, akasema "haya mwanangu, ila mjifunze." Nilikaa na ile meseji usiku mzima naisoma upya.

Makosa yalikuwa mengi kuliko hata aliyoniambia yeye. Ramadhani ilikuwa katikati, Idd ikaja kuswaliwa Jumatano ya tarehe 10 Aprili, yaani mimi niliitangulia siku kumi na mbili. Halafu Ijumaa Kuu yenyewe haipewi "njema" wala "mfurahi", ile ni siku ya mateso na kifo cha Yesu, Wakatoliki wanafunga siku hiyo na hawali nyama, mimi nawauzia kuku. "Bwana asifiwe" ni salamu ya walokole na wenzao, Mkatoliki atakwambia "Tumsifu Yesu Kristo", Muislamu ana yake, sasa ukifungua na mojawapo umeshawaambia wengine kuwa meseji si yao. Na ofa ya "leo na kesho" maana yake Ijumaa na Jumamosi, wakati Msabato jua likizama Ijumaa hanunui kitu mpaka Jumamosi jua lizame tena. Yaani nilimkaribisha kwenye ofa ambayo hawezi kuigusa.

Nilipojaribu kurekebisha mara ya kwanza niliharibu zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu wengi wanafanya hili. Siku chache baadaye, Idd ilipofika, nikapitia daftari nikawagawa wateja kwa majina, hawa Waislamu hawa Wakristo. Sasa Rehema ni nani? Zawadi, Baraka, Amani, Neema? Majina haya yako pande zote mbili. Rehema niliyempelekea "Idd Mubarak" ni mwanakwaya kanisani kwao. Na huku kwetu ndoa zimechanganyika, unamkuta Ramadhani anasali kanisani kwa mama yake, na kuna watu laini zao zimesajiliwa kwa jina la kaka au mume. Mbali na kukosea, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaiweka imani ya dini kwenye taarifa nyeti za mtu, kwa hiyo kutunza daftari la dini za watu kwa kubahatisha majina si jambo la kufanya. Ile orodha niliichana.

Kilichonisaidia ni kutenganisha salamu na bei. Ofa inaenda peke yake, haina dini ndani yake, na salamu inaenda peke yake haina bei. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, mimi nikatuma ofa Jumapili jioni ya tarehe 13, iko hivi:

```
Habari mteja wetu. Kapu la nyumbani: mchele kilo 5, sukari kilo 2, unga wa ngano kilo 2, mawese lita 1. Sh 31,000. Jumatatu hadi Alhamisi. Hutaki SMS? Jibu ACHA
```

Angalieni nilichobadilisha. Jina la kapu ni la nyumbani, si la Pasaka. Divai imetoka. Kuku pia nimemtoa kwa sababu kuku anadai maelezo, Muislamu lazima ajue kachinjwa na nani, na kama huwezi kuandika hilo ukalisimamia basi usimuweke kwenye kapu la watu wote, muuze dukani anayetaka aulize. Siku za ofa ni Jumatatu mpaka Alhamisi, haziangukii Ijumaa, Sabato wala Jumapili. Na hakuna picha wala katuni, hizo nazo zina gharama yake: hiyo meseji ni herufi 160 kamili ukihesabu na nafasi, inakwenda kama SMS moja, ila ukipachika kale kamwezi na nyota au msalaba wa rangi simu inabadilisha namna ya kuandika, SMS moja inabeba herufi 70 tu, ndefu inakatwa vipande vya 67, na hii ingelipiwa kama tatu. Hata ile alama ya juu kwenye ng'ombe ikiwa ya kupinda, mnaonakili kutoka sehemu nyingine, inafanya hivyohivyo.

Salamu sasa. Ijumaa Kuu sitaandika chochote, nakaa kimya. Pasaka nilituma asubuhi ya Jumapili: "Heri ya Pasaka kwa wateja wetu mnaoiadhimisha. Kesho duka liko wazi kuanzia saa 3 asubuhi." Hilo neno "mnaoiadhimisha" ndo linabeba kila kitu, maana meseji inaenda kwa wote lakini Shahidi wa Yehova, ambaye haadhimishi Pasaka wala Krismasi, hajavalishwa sikukuu isiyo yake, na bado kapata taarifa ya duka inayomhusu.

Idd inataka subira. Naiandika mapema ila naiacha bila tarehe na bila neno "leo", siitumi mpaka mwezi utangazwe usiku. Na hata ukitangazwa kumbuka wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, mwaka 2025 kuna walioswali Jumapili na wengi wakaswali Jumatatu ya tarehe 31 Machi, kwa hiyo "Idd Mubarak kwa wateja wetu mnaosherehekea" inamfaa wa Jumapili na wa Jumatatu, wakati "leo ni Idd" ingemuudhi mmoja wao. Ofa za chakula mwezi wa Ramadhani huwa natuma saa mbili usiku watu wameshafuturu, mchana kabisa hapana.

Kabla sijabonyeza kutuma nawapelekea kwanza watu wawili, yule bibi wa Ujiji na dada mmoja Msabato anayeuza vitenge jirani. Mwezi uliopita bibi alinirudishia moja, nilikuwa nimeandika "mfungo umeisha, sasa tule", akanambia nitoe hayo maneno kwa sababu kuna wanaoendelea kufunga zile siku sita za Shawwal. Nikayatoa.